Pilipili ya mafuta: kinachoihifadhi ni nini hasa?

Kichupa cha pilipili ya mafuta kwenye meza ya muuza chipsi hushinda juani, hufunguliwa mara hamsini kwa siku, na bado hakiozi. Ukikiona hivyo ni rahisi kuamini kwamba mafuta ndiyo yanayokilinda. Basi mtu anarudi nyumbani, anasaga pilipili mbichi na punje kadhaa za kitunguu saumu, anaimwagia mafuta mpaka izame, anafunga kifuniko na kuiweka kabatini. Kwa macho vitu hivi viwili vinafanana, lakini cha pili ni hatari, na sababu yake ndiyo maana yenyewe ya neno kuhifadhi.

Kuhifadhi pilipili ni kuwanyima vijidudu maji, au kuyafanya maji yale yawe mahali wasipoweza kuishi. Pilipili mbichi ina maji mengi, na maji hayo yako huru: bakteria na ukungu wanayatumia wapendavyo. Ukiianika, unayaondoa. Ukiitia chumvi ya kutosha, maji yanabaki palepale lakini yanashikwa na chumvi, ndiyo maana rojo la chumvi linaonekana limelowa na bado halioti kitu. Wataalamu wa chakula wana kipimo cha maji haya huru, kuanzia 0 hadi 1. Maji matupu ni 1, na pilipili mbichi haiko mbali na hapo. Ikishuka chini ya 0.60, hata ukungu hauwezi kuota. Siki na ndimu zina njia nyingine: haziondoi maji, zinayatia uchachu ambao bakteria wabaya hawauwezi.

Mafuta hayafanyi lolote kati ya hayo. Hayavuti maji, hayayashiki, hayana uchachu. Kazi yake ni moja tu, kuzuia hewa. Hilo linasaidia dhidi ya ukungu, kwa kuwa ukungu unahitaji hewa. Lakini yupo bakteria anayeitwa Klostridiamu botulinamu, anayetoka kwenye udongo, na yeye hewa ndiyo adui yake. Pilipili mbichi iliyozama kwenye mafuta, ndani ya chupa iliyofungwa, kwenye joto la jikoni: ni kama umemtandikia kitanda. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na sumu yake inaweza kuwepo bila harufu, rangi wala ladha ya kukuonya. Humfanya mtu aone mawili mawili, ulimi uwe mzito, kisha viungo vilegee mpaka kupumua kushindikane. Si jambo la kila siku, lakini likitokea ni la hospitali, tena haraka.

Sasa tuchukue kilo mbili za pilipili kichaa nyekundu tuone njia hizi zikifanya kazi. Nimechagua kichaa kwa makusudi. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri zaidi, lakini nyama yake ni nene na imejaa maji, kwa hiyo mimi huiweka kwenye rojo, siianiki ila nikilazimika.

Kilo ya kwanza tunaianika. Chambua moja moja, na usiionee huruma yenye doa jeusi au iliyolainika kwenye kikonyo, kwani pilipili huoza kuanzia ndani na ngozi ikaendelea kung'aa. Osha zikiwa bado na vikonyo ili maji yasiingie ndani, pangusa, ndipo uvikate. Kisha pasua kila moja kwa urefu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ngozi ya pilipili ina nta, na nta hairuhusu maji kutoka. Pilipili nzima inaweza kukaa juani wiki nzima na zaidi, nje imesinyaa na ndani imelowa. Iliyopasuliwa, jua likiwa kali, humaliza siku tatu hivi.

Tandaza kwenye wavu au jamvi lililoinuliwa, hewa ipite juu na chini, safu moja tu. Usianike chini kwenye udongo, wala kwenye bati tupu ambalo huchoma upande mmoja. Funika kwa chandarua kuzuia nzi. Jua kali la moja kwa moja hupausha rangi, hivyo ukitaka wekundu uliokolea tandika kitambaa chepesi juu. Jioni ingiza ndani kabla umande haujaanguka. Pwani hili si la hiari: hewa ya Tanga au Mombasa usiku ina unyevu mwingi, na pilipili iliyokauka nusu hunywa usiku ilichopoteza mchana. Masika yakikukuta katikati, maliza kwenye oveni kwenye nyuzi 60 hivi, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke.

Utajuaje imekauka? Watu husema mpaka ilie, nao wana haki: ikunje, ikivunjika kwa mlio imekauka, ikipinda kama ngozi bado. Lakini mizani haidanganyi. Tuseme kilo ile ilikuwa na maji asilimia 80. Maana yake gramu 200 ndizo pilipili yenyewe, 800 ni maji. Tunataka ibaki na unyevu wa asilimia 10 hivi, kwa hiyo gramu 200 hizo ziwe asilimia 90 ya uzito wa mwisho. Gawa 200 kwa 0.9, unapata 222. Ukipima ukakuta 300, kuna gramu karibu 80 za maji bado zimejificha, hata kama juu zinalia. Pilipili mbuzi yenye maji asilimia 90 ingekupa gramu 111 tu, na hapo unaona kwa nini siianiki.

Baada ya hapo nina hatua moja ambayo wengi huiruka. Zitie kwenye chupa ya kioo inayoonyesha ndani, funga, ziache siku nne tano huku ukizitikisa kila siku. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, zirudishe juani siku hiyohiyo. Unyevu uliobaki ndio unaoleta ukungu, na baadhi ya ukungu huo huacha sumukuvu, ileile tunayoiogopa kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kukaanga, na ikishakuwa unga mwekundu huwezi kuiona. Zilizoota kitu cheusi au kijivu, tupa zote zilizogusana nazo.

Kwa chengachenga, twanga kwenye kinu kidogokidogo, au zungusha kwenye blenda kwa mipigo mifupi ya sekunde mbili mbili, halafu chekecha: zilizobaki juu ya chekeche ndizo chenga, zilizopita ni unga. Usifungue kifuniko papo hapo. Subiri dakika tano vumbi litue, la sivyo nyumba nzima itapiga chafya. Wapo wanaotoa mbegu wakidhani ndizo zenye ukali. Ukali unatoka kwenye utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu zenyewe zimeambukizwa tu kwa ujirani. Mikononi, ukali huo hautoki kwa maji kwa sababu ni kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni. Na usiguse jicho hata baada ya hapo.

Kilo ya pili tunaifanya rojo. Nusu yake, gramu 500 zilizooshwa na kukaushwa maji ya juu, saga na gramu 50 za chumvi, ambazo ni vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa. Kwa nini 50? Gramu 500 hizo zina maji kama 400. Chumvi ikiyeyuka humo, unapata maji ya chumvi ya asilimia 11, na kuanzia 10 yule bakteria wa udongoni hawezi tena kuota. Ndiyo maana chumvi ya kuonja kwa ulimi haitoshi. Rojo la kuhifadhiwa lazima liwe na chumvi kupita kiasi cha kulila peke yake. Unalihesabu kama chumvi ya mchuzi: kijiko kidogo cha rojo ndani ya sufuria, na chumvi nyingine unapunguza.

Nusu nyingine ni kwa wasiotaka chumvi hiyo. Saga na siki badala ya maji, siki ile ya asilimia 5 inayouzwa dukani. Kikombe kimoja kwa gramu 500 huwa kinafika, lakini kinachoamua ni uchachu wenyewe, si kikombe. Ukiwa na vikaratasi vya kupimia pH, tafuta 4 au chini yake. Mpaka wa hatari ni 4.6, na pilipili mbichi peke yake iko juu ya hapo. Saga laini kabisa, kwa sababu siki huchelewa kupenya vipande vikubwa hadi katikati. Ndimu nayo inafaa, ila uchachu wake hutofautiana tunda kwa tunda, kwa hiyo rojo la ndimu bila kipimo mimi naliweka kwenye friji.

Na mafuta je? Sasa ndipo yanaingia, na yanaingia kwa kitu kikavu. Chukua gramu 50 za zile chenga, weka kwenye bakuli kavu la chuma. Pasha mafuta ya alizeti kikombe kimoja, kisha dondosha chenga moja: ikitoa mapovu madogo na kubaki nyekundu, joto linafaa, ikigeuka nyeusi papo hapo, epua usubiri, kwa sababu pilipili iliyoungua ni chungu na huwezi kuirekebisha. Mimina, koroga, acha ipoe wazi. Hapo mafuta hayahifadhi kitu. Pilipili ilishahifadhiwa juani; mafuta yamekuja kubeba ukali na rangi, navyo vinayakubali mafuta kuliko maji.

Ukiongeza kitunguu saumu kibichi au tangawizi mbichi kwenye bakuli hilo, umerudisha maji. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe, nikaiacha chupa kabatini wiki mbili. Kifuniko kilipofunguliwa kilitoa pumzi kama soda na vipovu vikapanda pembeni mwa kioo. Sikuonja, nilifunga na kuitupa. Lakini nilikuwa na bahati iliyotoa sauti, maana sumu ile haina lazima ya kutoa povu.

Anayependa rojo bichi la mafuta halazimiki kuliacha. Alitengeneze kidogo, likae kwenye friji na liishe ndani ya siku tatu nne, au aligandishe kwenye vibati vya barafu na kutoa kipande kimoja kimoja. Kulikaanga mpaka mafuta yapande juu kunapunguza maji kweli, maana yale mapovu ni maji yanayotoka, ila vinundu vilivyozama chini bado vimelowa katikati. Hilo nalo liende kwenye friji, isipokuwa kama lilitiwa siki au chumvi ya kipimo kabla ya kuingia jikoni.

Chupa ya chenga na mafuta inaweza kukaa kabatini, gizani, miezi miwili mitatu. Kitakachoiharibu kwanza si bakteria bali mafuta yenyewe kuchacha: yatanuka kama karanga za zamani au rangi ya mafuta ya ukutani. Na chota kwa kijiko kikavu. Kijiko kilichotoka kwenye mchuzi kikizama humo kinaacha matone ya maji, na maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanashuka moja kwa moja hadi chini, zilikolala chenga.