Barua ya kuomba kazi ya masjala: iandike ukimfikiria karani atakayeipokea

Habari zenu wadau. Kwenye kitengo chetu cha utumishi msimu wa matangazo ya ajira tunapokea barua nyingi sana, na leo nataka tuongelee moja tu, ile ya mtu anayeomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II kwenye halmashauri, kazi ambayo wengi bado mnaiita karani wa masjala. Nimeichagua makusudi, kwa sababu anayeomba kazi hii anaomba kwenda kushughulika na barua za watu wengine, sasa kama yake mwenyewe imekaa ovyo mnategemea tumwelewe vipi?

Barua rasmi inapofika ofisini haiendi moja kwa moja kwa mkurugenzi. Inapita kwanza masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, halafu karani anaiandikisha kwenye rejista ya barua zinazoingia: imepokelewa lini, barua yenyewe ni ya tarehe gani, imetoka kwa nani, inahusu nini, imeenda faili gani. Sasa ule mpangilio mliofundishwa shule unajibu hayo hayo maswali. Anwani yako juu kulia inasema imetoka kwa nani, tarehe inakaa chini yake, kushoto anakaa mwandikiwa kwa cheo chake, halafu kichwa cha barua kinasema inahusu nini. Ukikosa kichwa karani analazimika kusoma barua nzima ndo ajue aipeleke wapi, na akiwa na rundo mezani unadhani atakusoma kwa moyo mweupe? Pembezoni kushoto acha kama sentimita 2.5 maana karatasi itapanchiwa iingie kwenye faili, na nimeona barua ambazo tundu limetoboa katikati ya namba ya simu ya mwombaji.

Siku hizi maombi mengi ya serikalini yanapita Ajira Portal (portal.ajira.go.tz), hapo watu wanachanganya sana. Unatuma kwenye mfumo sawa, lakini barua unamwandikia yule aliyetajwa kwenye tangazo. Kama halmashauri imetangaza yenyewe kwa kibali, mara nyingi chini kabisa pameandikwa barua ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji na S.L.P. yake ipo. Kama tangazo ni la Sekretarieti ya Ajira basi ni Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Usikopi anwani ya barua uliyoombea mwaka jana, kuna watu wanaomba halmashauri moja na barua inamsalimia mkurugenzi wa nyingine.

Haya, tuitazame yenyewe. Hizi mbili za mwanzo, anwani na tarehe, ziwe upande wa kulia, zinazofuata kushoto, na kichwa kikae katikati kwa herufi kubwa:

S.L.P. ......,
TABORA.
Simu: ............

12 Machi, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ............,
S.L.P. ......,
............

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA II

Naomba kazi iliyotajwa hapo juu, kufuatia tangazo lako lenye Kumb. Na. ............ la tarehe 3 Machi, 2025.

Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 25. Nilihitimu Stashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu mwaka 2023 katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, Tawi la Tabora.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilifanya kazi katika masjala ya wazi, ambako nilipokea na kuandikisha barua zinazoingia, kufungua mafaili mapya, kuweka folio na kufuatilia mafaili yaliyokuwa kwa maafisa hadi yarudi masjala. Pia ninatumia komputa kuandika na kutunza orodha ya mafaili.

Nimeambatisha wasifu wangu, nakala za vyeti vya elimu na cheti cha kuzaliwa. Nitakuwa tayari kufika kwenye usaili siku na mahali utakapopanga.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

(sahihi)

Jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti

Ni hivyo tu, ukurasa mmoja haujai. Angalieni aya ya tatu, hiyo ndo barua yenyewe. Wengi hapo wanaandika "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na ninaweza kufanya kazi chini ya presha", maneno ambayo hata anayeomba udereva anayaweka. Tangazo la kazi hii huwa linaorodhesha majukumu: kutafuta mafaili yanayohitajika, kudhibiti upokeaji na uandikishaji wa nyaraka, kuzichambua na kuzipanga kwenye makundi, kurudisha mafaili kwenye reki. Chukua mawili matatu ambayo kweli umeyafanya, hata kama ni fildi tu, uyaseme kwa vitendo. Ukisema ulikuwa unafuatilia mafaili yaliyotoka, mtu wa masjala anajua umeshaonja shida yenyewe, maana faili kupotelea kwenye droo ya afisa ndo kilio cha kila siku. Ila usiseme ulishika masjala ya siri kama hukushika, utaulizwa kwenye usaili na utaumbuka.

Kuhusu heshima. "Shikamoo" na "habari za kazi" ni za barua ya kirafiki, hapa "Ndugu" inatosha, na kama ni Kenya wenzetu wanaandika "Kwa Bwana/Bibi", fuata ya kwenu. Mwisho "Wako mtiifu" ndo salama. Nimeshakutana na "Wako mpendwa", nimekutana na "Wako katika Bwana" pia, na ile ya "naomba unifikirie mimi ni yatima ninayetegemewa na wadogo zangu". Tunakuonea huruma kweli lakini hakuna sehemu ya kuiwekea maksi. Wala usimharakishe mkubwa kwa "nategemea jibu lako mapema iwezekanavyo", shukrani moja fupi halafu funga. "Rejea kichwa cha habari hapo juu" sio kosa, mimi naona inakula mstari tu wakati ungeshataja namba ya tangazo.

Sahihi sasa, hapa ndo watu wanaangukia. Matangazo yanasema barua iwe imesainiwa, hivyo kuandika jina kwa herufi za mlazo kwenye komputa haitoshi. Iprinti, saini kwa peni kati ya "Wako mtiifu" na jina lako, halafu iskani iwe PDF, na hakikisha mwanga uko sawa kama unatumia simu maana kivuli cha mkono kikifunika tarehe barua inakuwa haina tarehe. Jina liwe lile lile la vyeti. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na cha chuo kina matatu, au herufi zinapishana, shughulikia hati ya kiapo mapema uiambatishe, usisubiri siku ya usaili. Na vile vikaratasi vya matokeo vinavyotolewa kabla ya cheti matangazo mengi yanavikataa wazi wazi, kwa hiyo usiviweke ukidhani vitasaidia, weka cheti chenyewe.