Alama ya tukio kwenye grafu ya mstari

Alama ya tukio ni maandishi mafupi, mara nyingi yakiwa na mstari mwembamba wa wima, yanayowekwa kwenye grafu mahali ambapo mstari umepanda au kushuka ghafla. Kazi yake ni kumwambia mtazamaji kilichotokea siku ile. Bila hiyo, grafu inaonyesha tu kwamba kitu kilibadilika, na kila mtu anabaki kujitafutia sababu.

Chukua bei ya petroli Nairobi. Kenya ni mfano mzuri kwa sababu bei haiyumbi kila siku. EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa inayoruhusiwa tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ukichora bei hizo kuanzia katikati ya 2022 hadi mwisho wa 2023, utaona miruko mitatu mikubwa: Septemba 2022 lita ilitoka shilingi 159.12 hadi 179.30, Julai 2023 ikatoka 182.04 hadi 195.53, na Septemba 2023 ikatoka 194.68 hadi 211.64. Kwa macho miruko hiyo inafanana, lakini chanzo cha kila mmoja ni tofauti.

Tuanze na ule wa Julai, kwa kuwa ndio ulio wazi zaidi. Tarehe 1 Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na bei mpya zikaanza siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe 15. Hapa mchoraji ana bahati, maana anaweza kuipima sababu kabla ya kuiandika. Gawanya 182.04 kwa 1.08 ili uondoe kodi ya zamani, kisha zidisha kwa 1.16. Unapata 195.52, senti moja tu pungufu ya bei iliyotangazwa. Fanya vivyo hivyo kwa dizeli, iliyokuwa 167.28, utapata 179.67, na hiyo ndiyo bei iliyowekwa. Kwa hiyo mruko wote ni kodi, na alama inaweza kusema hivyo bila kusitasita: “1 Julai 2023: VAT 8% hadi 16%”. Maneno kama “Sera mpya ya kodi” hayafai, kwa sababu mtazamaji hawezi kuyapima wala kuyatafuta. Tarehe, kitendo na kiasi vinatosha.

Kabla ya kuandika alama yenyewe, angalia mstari wako umechorwaje. Programu nyingi huunganisha nukta mbili kwa mstari wa mshazari. Ukiunganisha 182.04 ya tarehe 15 Juni na 195.53 ya tarehe 1 Julai kwa namna hiyo, bei itaonekana ikipanda taratibu wiki mbili nzima kabla ya kodi kuanza, na alama yako itakaa juu ya mlima badala ya chini yake. Mtu makini atauliza: mbona bei ilianza kupanda kabla ya sababu? Bei zinazotangazwa kwa vipindi zichorwe kama ngazi. Kwa wanaotumia Python na matplotlib, ni hivi:

```python
from datetime import date

ax.step(tarehe, bei, where="post")
ax.axvline(date(2023, 7, 1), color="grey", lw=0.8)
ax.annotate("1 Julai 2023: VAT 8% hadi 16%",
            xy=(date(2023, 7, 1), 195.53),
            xytext=(-8, 20), textcoords="offset points",
            ha="right")
```

Hilo neno `post` ndilo linalofanya bei ibaki palepale hadi siku ya badiliko, na `ha="right"` inayaweka maandishi upande wa kushoto wa mstari wa wima, ambako bei bado iko chini na pana nafasi tupu. Ukiyaweka kulia yatagongana na ngazi zinazofuata. Rangi ya kijivu inatosha. Alama isishindane na mstari wa bei.

Mruko wa Septemba 2022 una mtego wa aina nyingine. Tarehe 13 Septemba William Ruto aliapishwa kuwa rais. Tarehe 14 ikatangazwa kwamba ruzuku ya petroli imeondolewa, na kesho yake lita ikawa 179.30. Matukio hayo mawili yanakaa karibu mno hata kwenye grafu pana, na kuapishwa ndiko kila mtu anakokukumbuka. Ukiandika “Ruto aapishwa”, hujasema uongo, lakini jicho la msomaji halisomi tarehe tu. Likiona maneno kando ya mruko linasoma “hiki ndicho kilichosababisha”. Kuapishwa peke yake hakubadilishi bei ya lita hata kwa senti. Kilichoibadilisha ni kuondolewa kwa ruzuku. Andika “15 Sept 2022: petroli bila ruzuku”. Kama habari yako ni ya siasa na unataka kuonyesha utawala ulibadilika lini, tia kivuli chepesi nyuma ya kipindi kizima cha serikali mpya. Hiyo ni habari ya kipindi, na haipaswi kugombania nafasi moja na sababu ya mruko.

Mruko wa Septemba 2023 ndio unaowashinda wengi. Ulikuwa karibu shilingi 17, na hauna tukio moja la kuubeba. Tarehe 5 mwezi huo Saudia ilitangaza kwamba itaendelea kupunguza uzalishaji wake wa mafuta hadi mwisho wa mwaka. Ni habari kubwa, na iko siku kumi tu kabla ya mruko, kwa hiyo inavutia kuibandika hapo. Lakini EPRA hukokotoa bei kutokana na shehena zilizokwisha kushushwa, zilizonunuliwa mapema zaidi. Tangazo la tarehe 5 halikuwa na muda wa kufika kwenye pampu za Nairobi tarehe 15. Ukaribu wa tarehe ulikuwa wa bahati tu.

Sehemu ya jibu iko mwezi mmoja nyuma, mahali ambapo mstari haukusogea kabisa. Tarehe 15 Agosti bei ilibaki 194.68, ile ile iliyoanza tarehe 15 Julai, kwa sababu serikali iliamua kuwafidia wauzaji wa mafuta ili wasipandishe. Mafuta yalikuwa yakipanda duniani na shilingi ikishuka dhidi ya dola, ila grafu haikuonyesha lolote. Kwa maoni yangu alama inayohitajika zaidi kwenye grafu hii yote ni hiyo ya Agosti, kwenye sehemu iliyo bapa, ingawa mchoraji anayefuata miruko peke yake hataiweka kamwe. Andika “15 Ago: fidia yazuia bei kupanda”. Kisha kwenye Septemba usidai sababu moja: “15 Sept 2023: mafuta ghali duniani, shilingi dhaifu” inatosha, na kiasi cha kila kimoja kieleze kwenye maandishi chini ya grafu, kama una hesabu zake.

Hapo una alama nne kwa takriban miezi kumi na minane. Ya tano ukiiongeza, anza kwa kuuliza ni ipi kati ya nne itakayotoka.