Mambo unayopenda kwenye wasifu: yanasaidia lini?

Kila orodha ya walioitwa kwenye usaili inapobandikwa, vijana huja kulalamika kwamba wasifu wao ulikuwa na kila sehemu, hata ya mambo wanayopenda, na bado majina yao hayamo. Ieleweke basi: hakuna anayeitwa kwa sababu anapenda kusoma na kusafiri. Kwa kazi za wilaya hapa Uganda, maombi hujazwa kwenye Fomu Namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, ile iliyorekebishwa 2008, nakala tatu, pamoja na vivuli vya vyeti na picha za pasipoti. Sisi tunaochambua maombi tunayalinganisha na masharti ya tangazo. Aliyekosa cheti kilichotakiwa huondolewa hapo hapo, na haturudi kutazama kama anacheza mpira.

Sehemu hiyo ina nafasi kwenye wasifu wa kawaida, unaopelekwa kwa kampuni, shirika au chama cha akiba, hasa kama mwombaji ametoka chuoni juzi na hajaajiriwa popote. Binti mmoja wa Mbale aliniletea wake. Alikuwa anaomba ukarani wa fedha kwenye chama cha akiba na mikopo, na chini kabisa aliandika: "Kusoma, kusikiliza muziki, kupata marafiki wapya." Maneno hayo ninayaona kila siku na hayaniambii lolote. Tulipozungumza, kumbe yeye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kijijini kwao, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Hakuona kama ni jambo la kuandika, kwa kuwa halina mshahara!

Tukaandika hivi: "Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 24, tangu 2022. Naandika hisa na mikopo kila Jumapili, na kusoma hesabu mbele ya wanachama kabla sanduku halijafungwa." Sasa msaili ana la kuuliza: mwanachama akikataa kiasi kilichoandikwa, unafanyaje? Atajibu bila kubabaika, maana amelifanya: analinganisha daftari na mihuri ya kitabu cha mwanachama, wote wakishuhudia. Na mwenyekiti wa kikundi anaweza kuwa mdhamini wake.

Mambo ya chama cha siasa yaache nje, hata kama unajivunia kadi yako. Usiandike pia usichokifanya. Anayedai kupenda kusoma huulizwa kitabu cha mwisho alichosoma, na akinyamaza, tunaanza kutilia shaka hata yale ya kweli. Taarifa ya uongo inaweza kufuta maombi, na ikigundulika baada ya ajira inaweza kukufukuzisha kazi. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai.

Mistari miwili inatosha, juu ya majina ya wadhamini. Kama huna la namna hiyo, sehemu yenyewe iondoe, na kwenye nafasi hiyo ueleze kazi uliyofanya wakati wa mafunzo kwa vitendo.