Risiti haimezi dawa

Nilifanya uuguzi wa kliniki za presha na sukari Kisumu kwa miaka mingi, na tangu nistaafu huwa natembelea wazee manyumbani, wengi wao wazazi wa watu walio ng'ambo. Simu ninazopigiwa na hao watoto hufanana. Mtu hujieleza dakika kumi kuhusu hali ya mzazi, halafu anapunguza sauti: "Sista, kusema kweli nashuku kaka yangu anakula pesa ya dawa."

Mwaka jana binti mmoja anayefanya kazi Doha alinipigia hivyo. Mama yake, mwenye umri wa miaka 71, anaishi nje kidogo ya Ahero na ana presha na kisukari. Kila tarehe mosi binti alimtumia kitinda mimba wao shilingi 8,000, na kijana huyo, ambaye ni mwendesha boda, ndiye aliyenunua dawa. Kliniki ya mwisho kitabu cha mama kiliandikwa presha 178 kwa 102. Binti akadai risiti. Kaka akapiga picha risiti zote za miezi mitatu, akazituma kwenye kundi la familia la Wasapu bila neno hata moja, kisha akaacha kushika simu za dada yake.

Risiti zilikuwa za kweli. Shida ni kwamba risiti huonyesha dawa imenunuliwa tu, haionyeshi imemezwa na nani wala lini. Kwa hiyo mimi huomba pakiti zenyewe, na hesabu ninayofanya si kubwa.

Mama alikuwa na dawa mbili. Amlodipini ya miligramu 10 kwa presha, kidonge kimoja asubuhi, pakiti ya vidonge 30. Metfomini ya miligramu 500 kwa sukari, kimoja asubuhi na kimoja usiku pamoja na chakula, vidonge 60. Zote zilifunguliwa tarehe 1. Nilifika jioni ya tarehe 21, nikala nao omena na ugali, mama akameza ya usiku, ndipo nikaomba kuhesabu. Metfomini zilipaswa kubaki 18, na zilikuwa 18. Amlodipini zilipaswa kubaki 9. Nilikuta 19.

Hapo kaka alikuwa ameshasafishwa, ingawa mwenyewe hakujua. Pesa ya dawa ikiliwa, pakiti haziji kabisa au huisha kabla ya mwezi kwa sababu zilinunuliwa nusu. Mzee akiwa anasahau, dawa zote hubaki nyingi, na ile ya mara mbili kwa siku ndiyo hubaki zaidi. Lakini dawa moja ikiwa sawa kabisa na ya pili imerukwa mara kumi, mzee huyo hajasahau. Anaichagua. Na mtu haachi kidonge kimoja kati ya viwili bila sababu, kwa hiyo nikaacha kuuliza habari za pesa, nikauliza habari za kidonge.

Mama alijizungusha kwanza. Akasifu kuku wake, akamtuma mjukuu maji. Mkamwana wake ndiye aliyeniambia nimtazame miguu. Nilibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Viatu vya kanisani vilikuwa havimwingii tangu mwezi wa pili, akawa hubaki nyumbani Jumapili kwa kisingizio cha magoti. Aligundua mwenyewe kwamba akiruka kile kidonge siku mbili tatu miguu hupungua. Kwa nini hakusema? "Mtoto anatuma pesa kutoka mbali, nimwambie dawa aliyoninunulia ni mbaya?"

Amlodipini hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, hasa kwa dozi kubwa. Inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, na maji yanavuja kwenye miguu. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa haviondoi sana uvimbe wa namna hii. Ila sikumwambia aache dawa, wala nisingemshauri mtu yeyote kuamua hivyo kwenye simu. Miguu huvimba pia kwa moyo uliochoka na figo zilizochoka. Mzee akihema anapolala chali, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kliniki walimpima figo na madini ya potasiamu kwenye damu, wakapunguza amlodipini hadi miligramu 5 na kuongeza losatani, ambayo pia humfaa mwenye kisukari. Wiki ya tatu viatu viliingia. Wiki ya sita presha ilikuwa 138 kwa 84.

Tulichobadilisha baada ya hapo kilikuwa kidogo. Binti alikuwa bado na laini yake ya Kenya, kwa hiyo pesa ya dawa sasa anailipa mwenyewe kwenye till ya kemisti wa Ahero, na mkamwana anachukua pakiti. Ujumbe wa M-Pesa humjia binti moja kwa moja, na kaka hana tena risiti za kutetea. Pesa ya chakula na nauli ya kliniki inakwenda kwa kaka kama zamani, na haulizwi shilingi ilikokwenda. Hilo nililisisitiza. Ile siku aliyompeleka mama kliniki hakubeba abiria hata mmoja, na kwenye 8,000 zile hakuna aliyewahi kuihesabu siku hiyo.

Simu nayo ilibadilika. Swali la "Mama, umekunywa dawa?" lina jibu moja tu kwa mzee yeyote ninayemjua. Sasa binti hupiga kwa video jioni, saa za Doha na Ahero zikiwa zile zile, na mara moja kwa wiki mkamwana huhesabu vidonge mbele ya kamera. Siku haitangazwi. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwa kalamu kwenye boksi, maana vidonge vya mwezi uliopita vikichanganywa na vipya hesabu yote inaharibika. Binti huomba pia kuona miguu. Mama alinung'unika mwanzoni, sasa anaiinua kabla hajaombwa.

Hesabu hii hudanganyika, nisifiche. Mzee mkaidi anaweza kutupa kidonge shimoni kila asubuhi, na nimewahi kukuta mama aliyekuwa akimgawia jirani mwenye presha, kwa huruma tu. Kwa hiyo tunasoma vidonge pamoja na mashine ya presha, ile ya mkononi juu ya kiwiko: akae dakika tano kabla ya chai, ameegemea, apimwe mara mbili. Vidonge vikiwa sawa na presha bado iko juu wiki baada ya wiki, dozi haitoshi au dawa haimezwi. Vyovyote vile, ni safari ya kliniki.

Kuhusu kaka na dada, niliwaachia wenyewe. Binti aliniomba nimfikishie msamaha, nikamwambia hiyo si kazi ya muuguzi, apige mwenyewe. Alipiga jioni moja nikiwa pale uani. Kijana aliiacha simu iite mpaka karibu ikatike, akaishika, akasikiliza muda mrefu huku akikwangua matope kwenye tairi la pikipiki. Mwisho akasema, "Sawa, dada. Lakini mwezi ujao tuma na ya kutoa."