Seli ngapi kwa betri ya baiskeli ya umeme ya 48V?

Je, seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 tu, sasa betri ya baiskeli ya umeme ya 48V inapatikanaje, na nitajuaje ninunue seli ngapi?

Anza na kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota, sio seli. Kontrola ya 48V ndio inaamua ngapi ziunganishwe kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, maana hapo volti ndio zinajumlishana. Gawa 48 kwa 3.6 unapata 13 na kidogo, basi ni 13S, yaani seli 13 kwa mfuatano. Kawaida yake inakua 46.8V, ikijaa kabisa kila seli 4.2V inafika 54.6V, na ndio maana chaja nyingi za 48V zimeandikwa hiyo 54.6V. Ukiweka 14 itajaa hadi 58.8V, hapo soma kwanza kontrola inavumilia ngapi, na chaja lazima ubadilishe.

Sambamba, yaani P, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ili Ah ndio zijumlishane, ndio watu wengi wanakosea coz wanaangalia umbali peke yake. Tuseme unataka kilomita 30 bila kukanyaga sana pedeli, piga watisaa 15 kwa kilomita, jumla 450. Gawa kwa 46.8 ni kama 9.6Ah, alafu ongeza akiba ya milima na ya seli kuzeeka, lenga 12Ah hivi. Sasa seli ya 3.5Ah, ukiweka tatu sambamba ni 10.5Ah, mtu anaona si mbaya, anaokoa hela. Lakini kontrola ikivuta 25A kwenye mlima, kila seli inatoa 8.3A, na seli nyingi za ujazo mkubwa kama huo zina mwisho wa 8A hivi (usikisie, soma karatasi ya seli yenyewe). Zitachemka na kufa mapema. Weka nne, inakua 14Ah na kila moja inatoa 6.25A tu. Kwa hiyo 13S4P, seli 52. Piga hesabu ya umbali na ya ampea, alafu chukua P iliyo kubwa.

Kuna kitu kingine, hizi seli za kuokota kwenye betri za laptop, nyingine zimechoka kuliko nyingine. Kwenye mfuatano kundi lililochoka, yaani zile seli zilizo sambamba pamoja, ndilo linaamua betri nzima iishie wapi. Makundi 12 yakiwa bado 3.5V na moja limeshuka 2.8V, voltmita kwenye ncha mbili za seli zenyewe, kabla ya BMS, inasoma 44.8V, unasema betri iko poa, kumbe BMS, ile bodi ya kulinda seli, imeshakata umeme kulilinda lile moja na baiskeli imezima njiani. Ukiona hivyo usilaumu mota, pima kundi moja moja kwenye zile nyaya nyembamba za BMS, na upime mara tu baada ya kuzima, maana likipumzika volti zinapanda tena na utadhani halina shida.