Je, wajua? Kibla ya Pemba si kibla ya Maskati

"Kibla ni neno la Kiarabu. Mkataba wa shamba ukienda Oman, kwa nini mfasiri ahangaike nalo? Si aliache tu lilivyo?"

Kwa sababu neno litafika salama, lakini upande wa shamba hautafika. Kibla ya Pemba iko kaskazini, na kibla ya Maskati iko magharibi. Ukiliacha lilivyo, shamba linageuka robo duara bila mtu kubadilisha herufi hata moja.

Nilipoanza kutafsiri mikataba ya mauziano nami niliamini hivyo hivyo. Niliyagawa maneno mafungu mawili. Maneno ya Kibantu niliyaona ndiyo kazi: bonde, njia, mpaka. Maneno yaliyotoka kwa Waarabu niliyaona yanarudi kwao tu, kwa hiyo hati, wakili, shahidi, mali na kibla niliyaandika kwa herufi za Kiarabu nikaendelea. Tafsiri yangu moja ilirudishwa na karani aliyeuliza swali moja: barabara iko upande gani? Nilipojaribu kumjibu ndipo nikagundua kwamba fungu nililoliruka ndilo lililohitaji mfasiri kuliko lile jingine. Neno la Kibantu msomaji wa Maskati halijui, kwa hiyo atauliza. Neno analodhani analijua hataliuliza.

Kwanza, kwa nini karatasi ya shamba la Pemba ifike Oman? Masjala ya huko haiwezi kuandikisha ardhi ya Pemba; ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Lakini mwenye shamba akifariki na warithi wake wako Maskati, watataka mali yote iorodheshwe katika mirathi, na mara nyingi watataka kuandika wakala, yaani hati ya kumpa mtu mamlaka, ili ndugu aliye Pemba auze au agawe kwa niaba yao. Ofisi za huko hufanya kazi kwa Kiarabu, kwa hiyo mkataba wa Kiswahili hutafsiriwa. Kisha wakala ulioandikwa kwa Kiarabu hurudi Pemba na kutafsiriwa tena kwa Kiswahili. Ni safari ya kwenda na kurudi, na kosa huonekana mwishoni mwa safari, pale ambapo aliyelifanya hayupo.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kaskazini ni upande. Kibla ni mahali. Fikiria kigingi kimoja kimechomekwa Makka, na mbuzi wengi wamefungwa kwenye kigingi hicho kwa kamba ndefu, kila mmoja mji wake. Ukiwaambia wote wakitazame kigingi, kila mmoja ataelekeza uso wake upande tofauti, na hakuna atakayekuwa amekosea. Mbuzi wa Chake Chake atatazama kaskazini, tena kaskazini hasa, maana Chake Chake na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na tofauti haifiki digrii moja. Mombasa na Unguja hali ni karibu hiyo hiyo. Mbuzi wa Maskati atatazama magharibi, akielemea kusini kidogo tu. Wa Kigoma ataelekea kaskazini akiwa amepinda kiasi cha digrii 20 kwenda mashariki. Na mfasiri aliyekulia Misri ana mazoea mengine kabisa: kule "kibli" katika usemi wa kila siku ni kusini, na "bahri", upande wa bahari, ni kaskazini. Neno moja, na wasomaji watatu wanaoweza kulielewa kwa njia tatu.

Linganisha na suheli, neno jingine la mipaka na la mabaharia wetu. Suheli ni nyota, na nyota hiyo huipata upande wa kusini uwe Pemba au uwe Maskati. Pemba inapanda juu zaidi, Maskati inakaa chini karibu na upeo, lakini upande ni ule ule. Ndiyo maana "upande wa suheli" unaweza kuvuka bahari bila maelezo. Kigingi kilichoko ardhini hakiwezi kufanya kazi ya nyota. Nililifurahia sana jambo hili nilipolielewa: maneno mawili yanayokaa jirani kwenye mstari mmoja wa mkataba, yote ya Kiarabu, yote ya pande za dunia, na moja linasafiri huku jingine halisafiri.

Tuchukue mkataba wa mfano, ulioandikwa nyumbani na kushuhudiwa na sheha. Unasema: "Shamba limepakana upande wa kibla na njia ya gari, nyuma na shamba la muuzaji, mkono wa kulia na bonde la mpunga, mkono wa kushoto na shamba la warithi wa marehemu. Urefu toka kibla kwenda nyuma hatua 60, upana hatua 25."

Mwandishi alisimama shambani akaelekea kibla, akahesabu. Njia ya gari iko kaskazini, muuzaji yuko kusini, bonde liko mashariki, warithi wako magharibi. Karani wa Maskati anasoma akiwa amekaa Maskati. Kwake mtu aliyeelekea kibla ametazama magharibi, na mkono wake wa kulia uko kaskazini. Basi anaandika katika wakala: magharibi njia, mashariki shamba la muuzaji, kaskazini bonde, kusini warithi. Shamba lililokuwa refu kutoka kaskazini hadi kusini sasa ni refu kutoka mashariki hadi magharibi. Wakala ukifika Pemba, ofisa anakwenda na karatasi shambani, anatafuta njia ya gari upande wa magharibi na kukuta shamba la watu wengine. Kwa mujibu wa karatasi, shamba linalouzwa si hili.

Hesabu haitakuokoa. Hatua 60 mara 25 ni hatua za mraba 1,500 kabla ya kugeuka na baada ya kugeuka. Majirani ni wale wale wanne. Kila kitu kimo, na kila kitu kiko mahali pasipo pake.

Kuna namna ya kulitambua kosa mapema. Mkataba ukitaja kibla na pia ukataja magharibi kama upande mwingine, kibla haiwezi kuwa magharibi. Tafsiri iliyoibuka na magharibi mbili na kukosa kaskazini imejifichua yenyewe. Hatari kubwa ni mikataba kama huu wetu, inayotaja kibla peke yake na kuyaacha mengine kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto na nyuma, kwa sababu hapo upande mmoja ukigeuka zote hugeuka pamoja na maandishi hayapingani popote. Hapo hakuna budi kumpigia simu mtu aliye shambani na kumuuliza jua huchomoza upande wa jirani gani.

Je, basi mfasiri afute kibla aandike kaskazini? Nami sikubaliani na hilo, ingawa najua wafasiri wazuri wanaofanya hivyo. Mkataba haukusema kaskazini, na mwandishi wake hakubeba dira. Kibla hapa ni jina la upande wa shamba, si kipimo cha digrii. Ukiandika kaskazini unampa msomaji uhakika ambao karatasi haina, na upande wa pili wa kesi utauliza umeutoa wapi. Ninachofanya ni kuliacha neno ndani ya matini na kuweka mabano ya mraba yanayoonyesha kwamba ni sauti ya mfasiri: "[Mfasiri: katika kisiwa cha Pemba kibla iko upande wa kaskazini]". Hatua nazo hubaki hatua. Sizigeuzi kuwa mita, maana hatua ya aliyepima siijui, na mita 45 kwenye tafsiri zitasomwa kama kazi ya mpimaji ardhi.

Maelezo ya haki nayo yana mtego wa aina hiyo hiyo. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya matumizi. Watu bado husema na kuandika "shamba langu" na "mali yangu", na mkono wa mfasiri hukimbilia neno la Kiarabu la mulki, ambalo Oman ni umiliki kamili. Kama mkataba unasema haki ya matumizi, iandikwe haki ya kutumia. Kama unataja mikarafuu 18 na minazi 7, idadi hiyo isimezwe ndani ya neno shamba, maana pwani yetu imezoea mtu kumiliki miti juu ya ardhi ya mwenziwe, na huenda kilichouzwa ni miti.

Halafu tufike kwenye mashahidi. Chini ya mkataba wetu pameandikwa "mbele ya wakili", yaani mwanasheria aliyeona pande mbili zikitia saini. Neno wakili likirudi kwenye Kiarabu jinsi lilivyo, ni mtu anayesimama badala ya mwingine. Mwanasheria ni muhami. Basi mtu wa kati aliyeshuhudia anageuka kuwa mtu wa mmoja wa wahusika, na ushahidi wake unapungua uzito mbele ya macho ya karani. Sheha naye hugeuzwa shekhe kwa kuwa sauti zinafanana. Sheha ni mkuu wa shehia, anayeteuliwa na serikali. Shekhe wa Oman ni mkubwa wa kabila au wa eneo. Huwa naandika sheha kwa matamshi yake na kueleza cheo kwenye mabano. Muhuri wake natafsiri maneno yote yaliyomo, na pale wino ulipofifia naandika "haisomeki" badala ya kukisia. Alama ya dole gumba naitaja kuwa ni alama ya dole gumba, si saini.

Mwisho kuna majina, na hapa Kiswahili kinaficha mengi. Hatuandiki herufi ya Kiarabu iitwayo ayni, wala hatutofautishi herufi zilizokazwa. Muuzaji aliyeandikwa Saidi anaweza kuwa Said mwenye ayni katikati, au Sayyid asiye nayo. Hamadi anaweza kuwa Hamad, na anaweza kuwa Hammad, na Oman hao ni watu wawili wenye majina mawili. Mkataba peke yake hauwezi kumwambia mfasiri ni yupi. Kwa hiyo kabla ya kuanza naomba nakala ya pasi au cheti cha kuzaliwa cha kila anayetajwa aliyeko Oman, na anayekosa karatasi namwandika kwa matamshi ya mkataba na kuweka mabano kwamba tahajia ya Kiarabu haikuthibitishwa. Mrithi mmoja aliyekosewa ayni yake atahesabiwa kwenye mirathi kuwa mtu asiyejulikana, hata kama shamba lenyewe limeelekea upande wake sahihi.