Neno "maji" kutokea mara 8 haimaanishi wageni 8 wamelalamikia maji

Wenye magesti na lodji hapa Kigoma, hasa nyie wa Mwanga na kule Ujiji mnaotumia fomu za maoni za kwenye simu, hii inawahusu. Siku hizi mgeni akiondoka anatumiwa link, anajaza nyota, anaandika komenti, na mwisho wa mwezi mnashusha faili la CSV mnalifungua kwenye Excel. Mpaka hapo safi kabisa. Shida inaanzia kwenye kuhesabu, maana watu wengi wanahesabu maneno halafu wanaenda kutumia hela kwa kufuata ile hesabu. Hapa chini nimeweka dhana nne zinazowapotosha.

Nitumie komenti sita fupi nilizotunga kwa mfano, tuzihesabu pamoja. Chukulia ziko kolamu C, mstari wa 2 mpaka wa 7:

```
Maji hayatoki asubuhi, maji yanakuja saa nne, jamani maji maji maji
Nimeuliza mapokezi sijapata majibu
Huduma nzuri, maji yapo muda wote
Migebuka mitamu sana ila chakula kilichelewa
Mnachelewesha chakula, afu bafuni hakuna maji
Sina maoni
```

Dhana: neno linalotokea sana ndo tatizo kubwa

Ukitafuta herufi m-a-j-i humo ndani unazipata mara 8. Mwenye gesti akiona 8 anaita fundi bomba siku hiyo hiyo. Sasa tuzifuate moja moja. Mgeni wa kwanza peke yake kachangia 5, ana hasira, karudia. Moja imetoka kwenye "majibu" ambayo haina uhusiano wowote na bomba (na kwenye faili refu utakutana na majina, majirani, majiko, zote zinaingia kwenye hesabu ya maji). Moja ni ya mgeni anayewasifia kwamba maji yapo. Na moja ni ya yule wa bafuni. Kwa hiyo waliolalamikia maji ni wawili tu, wa kwanza na wa tano.

Kinachotakiwa kuhesabiwa ni komenti, yaani watu, sio matamko. Mgeni akitaja maji mara tano au mara moja anahesabika mmoja. Excel inafanya hivyo kirahisi:

```
=COUNTIF(C2:C7,"*maji*")
```

Hii inakupa 4, maana inahesabu seli sio marudio, ila bado imebeba "majibu". Ukiwa kwenye Google Sheets unaweza kuibana ichukue neno zima tu:

```
=SUMPRODUCT(--REGEXMATCH(LOWER(C2:C7),"\bmaji\b"))
```

Hapo unapata 3, na yule mmoja anayesifia hakuna fomula ya kumtoa kirahisi, inabidi umsome.

Dhana: maneno ya chini kwenye orodha hayana maana, kata

Hapa ndo panaponiuma zaidi kwa sababu Kiswahili chetu kinaumia kuliko lugha kama Kiingereza. Angalia kuchelewa. Ukitafuta neno "kuchelewa" kwenye hizo komenti unapata sifuri. Kuna "kilichelewa" moja na "mnachelewesha" moja, na kwenye orodha ya maneno kila moja inakaa kule chini kabisa na idadi yake 1, unaiona kama takataka. Kwenye faili kubwa zitaongezeka nilichelewa, tulicheleweshwa, hamchelewi, ucheleweshaji, kila moja na kamstari kake, na lalamiko linagawanyika vipande vipande mpaka halionekani tena. Maji yenyewe hayabadiliki umbo ndo maana yanapanda juu, kitenzi kinabadilika ndo maana kinazama.

Dawa ni kutafuta kiini cha neno:

```
=COUNTIF(C2:C7,"*chelew*")
```

Jibu 2. Yaani kwenye mfano huu huu, chakula kuchelewa kumelalamikiwa na watu wawili na maji watu wawili, wako sare, wakati hesabu ya mwanzo ilisema 8 kwa sifuri! Samaki nao hivyo hivyo, tafuta "gebuka" ili upate mgebuka na migebuka. Na kwa huku kwetu usisahau wageni wanaovuka kutoka Burundi, mtu anaweza kuandika "nta mazi" na analalamikia maji vilevile, "maji" haimpati.

Ila kiini nacho kina mtego wake. "Chakula hakikuchelewa" ina chelew ndani na ni sifa. Kukanusha kwetu kunajificha ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo fomula inakuletea mistari ya kusoma, halafu macho yako ndo yanaamua.

Dhana: ondoa maneno madogo yote kabla ya kuhesabu

Na, ya, wa, kwa, ni, hayo toa tu, yatajaa juu bila faida. Lakini kuna orodha watu wanazichukua mahali wanazibandika na ndani yake zina hakuna, bila, sio, bado. Ukitoa "hakuna" kwenye komenti ya tano, lile lalamiko la bafuni linabaki "bafuni maji". Hayo maneno manne yaacheni.

Dhana: asilimia za mada lazima zijumlike 100

Baada ya kusoma, fungua kolamu kwa kila mada: maji, chakula kuchelewa, mapokezi, sifa. Kila komenti iwekee 1 pale inapohusika, hata kama ni kwenye kolamu mbili. Komenti ya tano inapata 1 kwenye maji na 1 kwenye chakula kuchelewa. Ya nne inapata chakula kuchelewa na sifa. Usimlazimishe mgeni achague mada moja, utapoteza nusu ya alichosema.

"Sina maoni" itoe kwenye kugawanya, pamoja na seli tupu, vistari na "hakuna" iliyokaa peke yake. Zinabaki komenti 5. Maji 2, chakula 2, mapokezi 1, sifa 2, jumla alama 7 kwa komenti 5, yaani asilimia 40, 40, 20 na 40. Ukijumlisha unapata 140 na hujakosea kitu. Ndo maana chati ya duara haifai hapa, weka ya nguzo.

Halafu mpe mtu mwingine mistari kadhaa aiwekee alama bila kuona za kwako. Mkitofautiana sana kwenye mada fulani, mfano yeye kaweka "majibu" kwenye huduma na wewe mapokezi, basi mada yenyewe haijaeleweka, andikeni sentensi moja ya nini kinaingia na nini hakiingii, mrudie. Na mada ya "mengineyo" ikianza kushindana na zile kubwa, ifungue uisome, mara nyingi kuna mada nzima imelala humo.

Kwenye ripoti sasa, andika "kati ya komenti 5 zenye maelezo, 2 zimelalamikia maji". Usiandike asilimia 40 ya wageni hawana maji. Waliolala wakaondoka bila kujaza chochote hawamo kwenye lile faili, na hesabu yako haiwezi kuwasemea.